Saa Inapolala Juu: Kuzungumza na Chipu kwa Nyaya Nne

Wanaoendesha printa za 3D kwa programu ya Klipper wanaufahamu ujumbe huu, na wengi wao umewakosesha usingizi:

```
Invalid adxl345 id (got xx vs e5)
```

ADXL345 ni chipu ya kampuni ya Analog Devices inayopima mchapuko katika pande tatu. Ukiifunga kwenye kichwa cha printa, hupima jinsi kichwa kinavyotikisika, na programu hutumia vipimo hivyo kupunguza mitetemo inayoharibu kazi. Kabla ya kupima chochote, programu huiuliza chipu swali moja: wewe ni nani? Jibu liko kwenye rejista ya kwanza kabisa, namba 0x00, nalo ni lilelile siku zote: 0xE5. Namba hiyo iliwekwa kiwandani na haibadiliki. Mahali pa xx pakitokea kitu kingine, basi chipu na kompyuta hazijaelewana.

Mara nyingi tatizo ni waya uliolegea. Lakini kwa mtu anayeandika programu yake mwenyewe kwenye ubao wake mwenyewe, kuna chanzo kingine ambacho hakionekani kwa macho wala hakipimwi kwa mita ya kawaida. Waya zote zimekaa, umeme upo, chipu ni nzima, na bado jibu linakuja limepinda. Hapo huwa ni suala la saa: inalala juu au chini, na biti husomwa ikipanda au ikishuka.

Njia inayotumika hapa inaitwa SPI. Ina nyaya nne ukiacha umeme na graundi. Waya wa kwanza, SCLK, unabeba mapigo ya saa kutoka kwa maikrokontrola, ambayo ndiyo inayoongoza mazungumzo. Wa pili, MOSI, unapeleka biti kutoka kwa kiongozi kwenda kwa chipu. Wa tatu, MISO, unarudisha biti kutoka kwa chipu. Wa nne, CS, ni wa kuchagua: ukishushwa hadi volti sifuri, chipu inajua kwamba sasa inasemeshwa yenyewe, ukipandishwa, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anwani kama ilivyo kwenye I2C, hakuna biti ya kuanzia wala ya kumalizia, na chipu haina namna ya kusema kwamba haikusikia. Kila pigo la saa linapeleka biti moja na kurudisha biti moja kwa wakati uleule, na hayo ndiyo makubaliano yote.

SPI ilitoka Motorola miaka ya 1980. Maikrokontrola yao ya 68HC11 ilikuwa na rejista iliyoitwa SPCR, na ndani yake kulikuwa na biti mbili, CPOL na CPHA. Ukifungua datashiti ya ATmega328P, chipu iliyoko kwenye Arduino Uno, utakuta rejista ya jina hilohilo na biti za majina hayohayo. Majina yalienea, lakini hapakuwahi kuwa na chombo kilichokaa na kuandika kanuni moja ya kuwafunga watengenezaji wote. Kila mmoja alichukua alichokipenda. Kwa hiyo swali la saa halijibiwi na neno SPI lenyewe. Linajibiwa na datashiti ya chipu uliyoshika mkononi.

Biti mbili, modi nne

Mafundi wa ujenzi wanaporushiana matofali hufuata mahadhi: kwa sauti moja aliye chini anarusha, kwa sauti inayofuata aliye juu anadaka. Wote wawili wakirusha na kudaka kwa sauti ileile, tofali linaanguka. Saa ya SPI inafanya hivyo hivyo. Kila pigo lina kingo mbili, ukingo wa kupanda na ukingo wa kushuka. Kwenye ukingo mmoja pande zote mbili zinaweka biti mpya kwenye waya, na kwenye ukingo mwingine pande zote mbili zinasoma. Kati ya kuweka na kusoma kuna nusu pigo, na nusu hiyo ndiyo inayoipa biti muda wa kutulia.

CPOL inasema saa inalala wapi wakati hakuna mazungumzo. Ikiwa 0, waya wa saa unakaa chini. Ikiwa 1, unakaa juu. CPHA inasema biti isomwe kwenye ukingo upi tangu saa ianze kutembea. Ikiwa 0, husomwa kwenye ukingo wa kwanza. Ikiwa 1, kwenye ukingo wa pili. Ukizichanganya unapata modi nne, zinazoitwa kwa namba kuanzia 0 hadi 3. Modi 0 ni CPOL 0 na CPHA 0. Modi 1 ni CPOL 0 na CPHA 1. Modi 2 ni CPOL 1 na CPHA 0, na modi 3 zote ni 1.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu wanajaribu kukariri. CPHA haisemi biti isomwe saa ikipanda au ikishuka. Inasema tu ukingo wa kwanza au wa pili, na ukingo wa kwanza unategemea saa ilikuwa imelala wapi. Ilikuwa chini? Ukingo wa kwanza ni wa kupanda. Ilikuwa juu? Ukingo wa kwanza ni wa kushuka. Ukizifuatilia zote nne kwa kalamu utagundua jambo ambalo majedwali huwa yanalificha: modi 0 na modi 3 zote zinasoma saa inapopanda, na modi 1 na modi 2 zote zinasoma saa inaposhuka. Ndani ya kila jozi, tofauti ni mahali saa inapolala tu. Ndiyo maana datashiti nyingi, kwa mfano za kumbukumbu za flashi za W25Q na za kigeuzi cha MCP3008, zinakwambia utumie modi 0 au modi 3, chaguo ni lako. Chipu hizo zinajali ukingo wa kusomea, hazijali saa imelala wapi.

Kuna watengenezaji wa maikrokontrola walioligeuza jambo hili. Kwenye PIC za Microchip biti ya pili inaitwa CKE, na thamani yake ni kinyume cha CPHA: modi 0 huwekwa kwa CKP 0 na CKE 1. Kwenye MSP430 za Texas Instruments biti inaitwa UCCKPH, nayo pia ni kinyume. Mtu aliyesoma "CPHA = 1" kwenye datashiti ya kihisi kisha akaandika 1 kwenye UCCKPH amepata modi isiyo sahihi huku akiamini amefuata maelekezo neno kwa neno. Kwa sababu hiyo mimi siziamini herufi hizo mpaka nione mchoro.

Kuusoma mchoro

Mchoro ninaousema umo kwenye kila datashiti ya chipu ya SPI. Huwa karibu na sehemu inayoeleza mawasiliano, una mistari mitatu au minne iliyolala, CS juu, SCLK chini yake, kisha data ya kuingia na ya kutoka. Mistari ya data huchorwa kama mnyororo wa visanduku, na mahali visanduku viwili vinapokatana ndipo biti inapobadilika.

Kwanza tazama pale CS inaposhuka, kisha teremka moja kwa moja hadi kwenye mstari wa saa. Je, saa wakati huo iko juu au chini? Hiyo ni CPOL. Halafu chukua kisanduku kimoja cha data ya kuingia kwenye chipu, tafuta katikati yake, na uangalie ni ukingo upi wa saa ulio hapo. Huo ndio ukingo wa kusomea. Ukingo ulio sambamba na makutano ya visanduku ni wa kubadilishia. Ukishajua saa inalala wapi na ukingo wa kusomea ni upi, modi imejitaja yenyewe.

Kwenye mchoro wa ADXL345, CS inashuka saa ikiwa juu. Kisha saa inashuka, biti inabadilika, saa inapanda, na ukingo huo wa kupanda uko katikati ya kisanduku. Saa imelala juu, kwa hiyo CPOL ni 1. Ukingo wa kwanza ni wa kushuka, wa pili ni wa kupanda, na kusoma kuko kwenye wa pili, kwa hiyo CPHA ni 1. Ni modi 3. Datashiti yenyewe inathibitisha kwa maneno, na Klipper nayo inaifungua chipu hii kwa modi 3.

Mchoro ukiwa umefifia au umechorwa ovyo, shuka kwenye jedwali la muda lililo chini yake. Jedwali halikosei kirahisi, maana linataja kingo kwa majina. Kwa ADXL345 linasema data inayoingia lazima iwe imetulia nanosekunde 5 kabla ya ukingo wa kupanda na iendelee kutulia nanosekunde 5 baada yake. Linasema pia kwamba data inayotoka hubadilika ndani ya nanosekunde 40 baada ya ukingo wa kushuka. Kipimo cha utulivu kikihusishwa na ukingo fulani, huo ni wa kusomea. Kipimo cha ucheleweshaji wa kutoka kikihusishwa na ukingo fulani, huo ni wa kubadilishia. Na muda kati ya CS kushuka na saa kuanza umeandikwa kwa ukingo wa kushuka wa saa, jambo linalowezekana tu kama saa ilikuwa imelala juu. Mtu angeweza kupata modi 3 kutoka kwenye jedwali hilo bila kuona mchoro wala herufi za CPOL.

Jedwali hilohilo linatoa kikomo cha kasi. Pigo moja lisipungue nanosekunde 200, yaani megahezi 5. Nusu pigo hapo ni nanosekunde 100, na chipu inaweza kula 40 kati ya hizo kabla biti haijaanza kubadilika. Zinazobaki ndizo za waya, za kibadilisha volti kama kipo, na za maikrokontrola kujiandaa kusoma. Kwenye bredibodi yenye waya za sentimita 20 sioni sababu ya kuanza na megahezi 5. Anza na 1, upate jibu sahihi, halafu upandishe.

Kuuliza kitambulisho

Tuchukue ubao mdogo wa kawaida wa ADXL345 na maikrokontrola ya ESP32. Chipu hii inataka volti kati ya 2.0 na 3.6, na ESP32 inafanya kazi kwa 3.3, hivyo hazihitaji mpatanishi. Ukitumia Arduino Uno ya volti 5, weka kibadilisha volti kwenye nyaya zote zinazoingia kwenye chipu, hata kama ubao unajigamba kupokea volti 5. Kwenye mbao nyingi kinachopunguzwa ni umeme wa kuendeshea, nyaya za data zinaachwa hivyo hivyo.

Maandishi ya ubaoni yanapotosha kidogo, kwa sababu yamechapwa kwa ajili ya I2C: panapoandikwa SCL ndipo saa inapoingia, na panapoandikwa SDA ndipo data inapoingia kwenye chipu. SDO ndiyo njia ya kutokea. Kwenye ESP32, unga pini 18 kwenye SCL, 23 kwenye SDA, 19 kwenye SDO, na 5 kwenye CS.

Ili kusoma rejista, unatuma baiti ya amri ambayo biti yake ya juu kabisa ni 1, maana yake nasoma. Ikiwa 0, ni kuandika. Biti inayofuata ni 1 ukitaka rejista kadhaa mfululizo. Biti 6 zinazobaki ni namba ya rejista. Kusoma rejista 0x00 peke yake basi ni 10000000, yaani 0x80. Baada ya hapo unatuma baiti nyingine tupu, kwa sababu chipu haiwezi kusema kitu kama huipigii saa.

```cpp
#include <SPI.h>
const int CS = 5;
SPISettings kihisi(1000000, MSBFIRST, SPI_MODE3);

void setup() {
  Serial.begin(115200);
  pinMode(CS, OUTPUT);
  digitalWrite(CS, HIGH);
  SPI.begin();
  SPI.beginTransaction(kihisi);
  digitalWrite(CS, LOW);
  SPI.transfer(0x80);
  byte jibu = SPI.transfer(0x00);
  digitalWrite(CS, HIGH);
  SPI.endTransaction();
  Serial.println(jibu, HEX);
}
void loop() {}
```

Kwenye skrini inatakiwa itokee E5. Angalia mpangilio wa mistari miwili katikati: modi inawekwa kwanza, CS inashushwa baadaye. Ukiigeuza, saa inaweza kupanda kutoka chini kwenda kwenye kilalo chake cha juu wakati chipu tayari inasikiliza, na chipu itauhesabu mpando huo kama biti. Hata ukiipanga sawasawa, zipo maikrokontrola na madereva ambayo hayapeleki saa kwenye kilalo kipya mpaka baiti ya kwanza itumwe. Dawa yake ni kutuma baiti moja ya bure CS ikiwa bado juu, ndipo uanze mazungumzo ya kweli.

E5 ikipinda

Napenda sana kwamba kitambulisho cha chipu hii ni 0xE5. Kwa biti ni 11100101, na mpangilio huo haufanani na chochote ukiusogeza au kuupindua, kwa hiyo kosa linaacha alama yake.

Ukipata 0x00 au 0xFF, bado hujafika kwenye suala la modi. Huenda chipu haina umeme, CS haishuki, au waya wa MISO unaning'inia. Gusa waya wa MISO kwa kidole: namba ikibadilika kila ukigusa, hakuna anayeushika upande wa pili. Ukipata 0xA7, biti za jibu zimesomwa kinyumenyume.

Ukipata 0x72 au 0xF2, ziandike kwa biti: 01110010 na 11110010. Hiyo ni E5 iliyosukumwa kulia nafasi moja, biti yake ya mwisho imeanguka nje, na mbele imeingia takataka iliyokuwa kwenye waya. Chipu ilichelewa pigo moja, au wewe ulisoma mapema pigo moja. Hili ndilo jambo la kutarajia pale kiongozi anapotumia modi 0 na chipu inayotaka modi 3. Tufuate kingo. Katika modi 3 saa inashuka kabla ya kila kupanda, kwa hiyo kabla ya mpando wa 9, ambao ndio wa kusoma biti ya kwanza ya jibu, kumekuwa na mishuko 9. Katika modi 0 saa inaanza ikiwa chini, mshuko wa kwanza unakuja baada ya mpando wa kwanza, hivyo kabla ya mpando wa 9 kumekuwa na mishuko 8 tu. Chipu inayohesabu mishuko ili ijue lini itoe jibu itakuwa imebaki nyuma kwa mmoja.

Si kila chipu inahesabu hivyo. Nyingine hupanga jibu mara inapopokea biti ya 8 ya amri na kulitoa kwenye mshuko wowote unaofuata, na hizo ndizo zinazokubali modi 0 na 3 bila shida. Ndiyo sababu utakutana na mtu anayeapa kwamba kihisi fulani kinafanya kazi kwa modi ambayo datashiti haikuitaja. Huenda anasema kweli kuhusu chipu aliyonayo. Mtengenezaji lakini hakumwahidi chochote, na toleo lijalo la chipu hiyohiyo halina deni naye.

Ukipata 0xCA au 0xCB, yaani 1100101 ikifuatwa na 0 au 1, hiyo ni E5 iliyosukumwa kushoto. Hapa kuna ukingo mmoja wa ziada mwanzoni, na mara nyingi ni ule mpando wa saa nilioutaja, uliotokea CS ikiwa tayari chini. Chipu imeanza kuhesabu biti mapema, na jibu likatoka mapema.

Modi 1 na modi 2 ni hatari zaidi, na ningependa msomaji aelewe kwa nini. Humo kiongozi anabadilisha biti kwenye ukingo wa kupanda, na huo ndio ukingo ambao ADXL345 inasomea. Wote wawili wako kwenye sauti moja. Kwa kawaida biti mpya ya kiongozi hufika nanosekunde chache baada ya saa, kwa hiyo chipu hudaka biti ya zamani, na katika modi 1 amri nzima inasogea kulia nafasi moja. Chukua amri ya kusoma rejista 0x2D, inayowasha na kuzima upimaji. Amri ni 0xAD, kwa biti 10101101. Ikisogea, na waya ulikuwa chini kabla yake, chipu inasikia 01010110. Biti ya juu sasa ni 0. Ulisema nisomee, imesikia andika, na tena kwenye rejista 0x16, iliyo ndani ya eneo la 0x01 hadi 0x1C ambalo datashiti inakataza kuligusa. Kwa kuwa kuna mashindano ya nanosekunde, inawezekana leo ikasikia vizuri na kesho, joto la chumba likiwa tofauti, isisikie. Kujaribu modi zote nne moja baada ya nyingine mpaka moja ikubali, kama wanavyofanya wengi, kwenye kihisi hiki kunaweza kuishia bila madhara. Kwenye kumbukumbu ya flashi, ambayo ina amri za kufuta, nisingethubutu.

Kuna jaribio dogo la kutofautisha kosa la modi na kosa la waya. Shusha kasi kutoka megahezi 1 hadi kilohezi 100. Waya ndefu, lehemu mbaya na vibadilisha volti vizito hupona kasi ikishuka, kwa sababu biti inapata muda wa kutulia. Namba ikibaki ileile 0x72 kwa kasi zote mbili, waya hauna hatia. Mpangilio wa kingo hauponi kwa kwenda polepole.

Mwenye lojiki analaiza, hata ile ya bei nafuu ya chaneli 8 inayotumiwa na PulseView, anaweza kuliona jambo lote kwa macho. Tahadhari moja tu. Programu hiyo nayo inakuuliza CPOL na CPHA kabla ya kukufasiria baiti, na ukiiambia uongo itakupa uongo kwa maandishi safi. Anza na mawimbi yenyewe. Kuza pale CS inaposhuka, tazama saa iko wapi, kisha uhesabu mpaka mpando wa 9 na uone MISO inasema nini hapo. Rekodi kwa kasi ya angalau mara 4 ya saa, na ikiwezekana mara 10, la sivyo kingo zitaonekana zimehama mahali ambapo hazijahama.

Kitambulisho kikishapatikana, majaribu hayajaisha kama kuna chipu nyingine kwenye nyaya zilezile. Kadi ya SD, kwa mfano, hutumia modi 0, kwa hiyo kila ukihama kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kihisi lazima saa ibadilishe mahali pa kulala huku CS zote mbili zikiwa juu. Hiyo ndiyo kazi ya `beginTransaction` na `endTransaction`, nazo zizunguke kila mazungumzo, si mara moja tu programu inapoanza.

ADXL345 ina ugeni mwingine hapo. CS yake ikiwa juu, haizibi masikio bali inahamia I2C, kwa kuwa pini hizohizo za saa na data zinatumika kwa njia zote mbili. Kadi ya SD inapozungumza na maikrokontrola, kihisi kinaona mapigo yanayopita na kinaweza kuyachukua kama I2C inayokihusu, kikaingilia. Datashiti inapendekeza geti ya OR kwenye waya wa data unaoingia kihisi, upande mmoja wa geti ukiwa CS ya kihisi chenyewe, ili CS ikiwa juu waya huo ubaki juu bila kutikisika hata kama kadi inaongea mfululizo. Geti moja kama 74HC32 inayoendeshwa kwa volti 3.3 inatosha, na ina nafasi tatu za akiba kwa vihisi vingine.